Joto la Kwenye Mataa: Nilivyoelewana na Kiyoyozi cha Gari Linalojizima

Gari dogo ninaloendesha hapa Dar es Salaam, ambalo lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika, lina mfumo unaozima injini lenyewe kila linaposimama na kuiwasha tena dereva anapoachia breki. Mfumo huo uliwekwa ili kuokoa mafuta, na katika nchi yenye mataa ya dakika moja na hali ya hewa ya wastani haumsumbui mtu. Kwenye makutano ya Morocco mchana wa Februari, hasa pale trafiki anapoamua kuongoza magari kwa mkono na kuwaacha wa upande wenu mkisubiri, mambo huwa tofauti: injini inanyamaza, feni ya ndani inaendelea kuvuma kama kawaida, na hewa iliyokuwa ya baridi inageuka ya vuguvugu, kisha nzito, kisha yenye harufu ya kitambaa kibichi.

Sababu yake ni ya kimakanika. Kompresa ya kiyoyozi katika magari mengi ya petroli huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, kwa hiyo injini ikisimama nayo inasimama. Gesi haisukumwi tena, na shinikizo la upande wa juu na la upande wa chini huanza kusogeleana. Feni haitegemei mkanda huo, kwani inakula umeme wa betri, na ndiyo maana inaendelea kupuliza. Ubaridi unaoupata wakati huo ni akiba tu iliyobaki kwenye evaporeta, yaani lile bamba la mabomba na mapezi ya aluminiamu lililojificha nyuma ya dashibodi, pamoja na matone ya maji yaliyojikusanya juu ya mapezi yake kutokana na unyevu wa hewa. Akiba hiyo ni ndogo, kwa sababu bamba lenyewe ni jepesi. Inapokwisha, feni inakuwa inazungusha hewa ya ndani ya gari bila kuipoza, na kwa kuwa maji yaliyokuwa kwenye mapezi yanarudi hewani kama mvuke, unyevu unapanda upesi kuliko joto. Hilo ndilo linalomfanya abiria aseme kuna joto kali hali kipimo hakijaonyesha joto la kutisha.

Nilitaka kujua akiba hiyo inadumu kwa muda gani, kwa hiyo nilichukua kipimajoto cha jikoni chenye sindano, kile kinachochomekwa kwenye nyama, nikakipachika kwenye tundu la hewa la katikati. Gari likiwa katika mwendo, hewa ilitoka ikiwa na nyuzi 8 za Selsiasi. Injini ilipojizima huku feni ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa, baada ya sekunde kama kumi kipimo kilisoma 12, na nusu dakika haikupita sana kabla hakijafika 18. Hapo injini ilijiwasha yenyewe ingawa mguu wangu ulikuwa bado kwenye breki, kwa sababu kuna kihisi cha joto kwenye evaporeta kinachoarifu kompyuta ya gari kwamba ubaridi umekwisha. Niliporudia jambo hilohilo feni ikiwa kwenye kasi ya pili kutoka chini, nusu dakika ilinikuta kwenye 13, na ile 18 ilichelewa zaidi ya dakika nzima. Tofauti haikutoka kwenye kompresa, maana mara zote mbili ilikuwa imesimama. Ilitokana na kiasi cha hewa ya moto kinachopitishwa juu ya bamba lilelile.

Tangu hapo nimekuwa na desturi ya kushusha feni ninapoona mataa yanageuka kuwa mekundu, nikiwa bado napunguza mwendo. Baadhi ya magari yenye kiyoyozi cha kujirekebisha hufanya hivyo yenyewe, na dereva hudhani feni ina hitilafu. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani nacho nakiacha kimewashwa muda wote wa foleni. Ukiruhusu hewa ya nje, yenye nyuzi 32 au 33 na unyevu wa pwani, unaipa evaporeta mzigo ambao haiwezi kuubeba hata kwa sekunde ishirini. Kujua ipi inasaidia zaidi kati ya mbinu hizi mbili si rahisi, lakini kama ningeambiwa nichague moja, ningechagua hiyo ya kuzungusha hewa ya ndani.

Hata hivyo, vipimo vyangu vilikuwa na jambo moja ambalo halikueleweka. Mfumo wa kujizima una kitufe chake cha kuuzima, kwa kawaida chenye herufi A iliyozungukwa na mshale. Nilikibonyeza ili injini iendelee kunguruma kwenye mataa, nikitarajia kipimajoto kibaki karibu na 8. Hakikubaki. Kilipanda polepole hadi 14, kisha kikashuka mara tu magari yalipoanza kwenda. Kupanda kwa nyuzi mbili au tatu gari likiwa limesimama ni jambo la kawaida, kwani kompresa huzunguka taratibu injini isipokanyagwa, lakini nyuzi sita zilikuwa nyingi mno. Kulikuwa na tatizo la pili lililojificha nyuma ya lile la kwanza, na kama ningeendelea kuulaumu mfumo wa kujizima nisingelijua.

Fundi wa kwanza aliposikia maelezo yangu alisema gesi imepungua, akataka kuongeza. Nilimwomba afunge geji kwanza. Sindano ya upande wa chini ilikaa mahali pazuri, lakini ya upande wa juu, gari likiwa limesimama juani, ilikuwa inapanda kuelekea 300 psi na zaidi, ambapo kwa gesi ya R134a katika joto letu ningetegemea 200 hadi 250. Gesi iliyopungua haifanyi hivyo. Hushusha shinikizo la pande zote mbili. Fundi wa pili, ambaye nilimpata kwenye karakana nyingine, aliziangalia geji hizo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bosi, gesi yako haina neno. Ngoja nilete maji." Akachota ndoo, akaimwagia kandensa kwa mbele, pale mbele ya rejeta. Sindano ya juu ikashuka tukiiangalia, na ndani ya gari hewa ikapoa papo hapo. Maana yake ni kwamba kandensa ilikuwa inashindwa kutoa joto nje, na maji yalikuwa yanaifanyia kazi hiyo kwa muda.

Gari likiwa katika mwendo, upepo wa barabarani hupita kwenye kandensa na kuisaidia. Linaposimama, msaada pekee ni feni ya mbele. Ya kwangu ilikuwa inazunguka kwa uvivu kwa sababu mota yake ilikuwa imechoka, na mapezi ya kandensa yalikuwa yamezibwa na vumbi lililochanganyika na wadudu na manyoya. Alibadilisha mota, akaosha mapezi kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia na mapezi yasilale. Hakuongeza gesi hata kidogo, na hilo lilikuwa muhimu, kwa kuwa gesi ikizidi kwenye mfumo ambao kandensa yake imezidiwa, shinikizo hupanda zaidi na ubaridi hupungua. Baada ya hapo, injini ikiwa inaunguruma kwenye mataa, kipimajoto hakivuki 10 au 11. Injini inapojizima, akiba nayo hudumu zaidi kidogo, kwa kuwa evaporeta inaanza ikiwa baridi kweli.

Kwa hiyo yeyote anayelalamikia joto la kwenye mataa namshauri afanye jaribio hilo la kitufe kabla ya kumwona fundi. Joto likija injini ikiwa imezimika tu, kiyoyozi ni kizima na unachokiona ni tabia ya mfumo. Likija hata injini ikiwa inafanya kazi, lakini likatoweka gari linapokwenda, tazama feni ya mbele na kandensa. Likiwapo hata katika mwendo wa barabara kuu, hapo ndipo maneno ya gesi na kompresa yanapoanza kuwa na maana.

Kuhusu kitufe chenyewe, nimekubali kukitumia bila kinyongo. Kinapaswa kubonyezwa kila unapowasha gari, kwa sababu magari mengi huusahau uamuzi wako ukizima. Kuna wanaokata nyaya ili mfumo usirudi tena. Mimi sioni haja, maana zipo njia nyepesi. Katika gari langu, nikikanyaga breki kwa wepesi, kiasi cha kulizuia tu lisisogee, injini haijizimi. Hujizima pedeli ikisukumwa zaidi. Vilevile nikiteremsha kiyoyozi hadi kiwango cha mwisho cha ubaridi, kompyuta hutambua kwamba nahitaji kompresa na huiacha injini iendelee. Si kila gari lina tabia hizi, ila kitabu cha gari hueleza masharti yanayouzuia mfumo.

Mtu anaweza kuuliza ni mafuta kiasi gani hupotea. Injini ndogo iliyosimama ikiwa na kiyoyozi hula takribani nusu lita hadi lita moja kwa saa. Bei ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, dakika moja ya kusubiri inagharimu kati ya shilingi 25 na 50. Isitoshe, kwenye mataa marefu na mchana wa jua, injini ingejiwasha yenyewe baada ya muda mfupi kwa sababu ya kihisi kile, na mara nyingi haizimiki tena hadi gari lisogee. Kinachookolewa hasa ni zile sekunde thelathini za mwanzo. Usiku au asubuhi na mapema nauacha mfumo ufanye kazi yake. Kuanzia saa nne hadi jioni nauzima.

Zipo gari zilizoliondoa tatizo hili kiwandani. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, ina kompresa inayozungushwa na mota ya umeme, hivyo inapoza hata injini ikiwa kimya kabisa. Suzuki nao, katika Wagon R ya mwaka 2012, waliweka ndani ya evaporeta dutu ya parafini iliyo kama nta, ambayo huganda gari linapokwenda na kunyonya joto inapoyeyuka kwenye mataa. Hiyo ya pili haiongezi ubaridi mpya, inakuza akiba tu, ila kwa mataa ya kawaida inatosha. Atakayenunua gari lililotumika kwa ajili ya foleni za mjini aulize kompresa inazungushwa na nini kabla ya kuuliza rangi.

Harufu ya unyevu niliipunguza kwa kubadilisha chujio la hewa lililo nyuma ya sanduku la dashibodi, na kwa kuzima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika nyumbani huku feni ikiendelea, ili evaporeta ikauke. Masika huja na shida yake: injini ikijizima kwenye mvua, unyevu uleule unaotoka kwenye mapezi huziba kioo cha mbele kwa ukungu kabla taa haijawa ya kijani. Wakati huo nawasha kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, ambacho katika gari langu huizuia injini kujizima, na kompresa inaendelea kuikausha hewa.