Simu Iliyogeuzwa kwa Ajili ya Chaja

Mwaka 2021 nilikuwa najaribu gemu ya kuendesha daladala kwenye ofisi ndogo pale Sinza. Gemu ilichezwa simu ikiwa imelazwa: usukani chini kushoto, breki chini kulia, kitufe cha kusimamisha mchezo juu kulia. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna kitufe kinachomezwa na nochi, ule mkato mweusi ukingoni mwa kioo, wala tundu la kamera, kioo kiwe kifupi cha 16:9 au kirefu cha 20:9.

Kwenye iPhone X mambo yalikuwa shwari. Programa wetu alitumia Unity, programu ya kutengenezea gemu, ambayo hutoa vipimo vya eneo salama la kioo kupitia `Screen.safeArea`, yaani mstatili usioguswa na nochi wala kona za mviringo. Picha ya barabara ilienea kioo kizima, ila vitufe vyote vilikaa kwenye paneli moja iliyobanwa ndani ya mstatili huo. Simu ile ikilazwa ina upana wa pikseli 2436, na mfumo wake hutenga pikseli 132 kushoto na 132 kulia, ingawa nochi iko upande mmoja tu. Nikaigeuza huku na huku, vitufe vikatulia palepale. Nikaweka tiki.

Sasa, wachezaji tuliowalenga hawana iPhone X. Nikaenda Kariakoo kwa fundi simu ninayefahamiana naye, nikamwomba anipe simu za Android alizokwisha kutengeneza, tuzijaribie hapohapo mezani kwake. Moja ilikuwa ya 720 kwa 1600, yenye tundu la kamera kwenye kona ya juu kushoto. Ukiilaza kama watu wengi wanavyofanya, tundu linaangukia chini kushoto, jirani na usukani. Paneli ikasogea ndani vizuri, usukani ukakaa salama.

Fundi akaomba naye acheze. Chaji ilikuwa inakata, na soketi yake iko mkono wa kushoto, kwa hiyo akaipindua simu ili waya utokee upande huo, akaendelea kukanyaga mafuta. Punde akaniuliza, "Dada, mbona hiki kitufe kimeliwa?"

Tundu lilikuwa limehamia juu kulia, limemega kitufe cha kusimamisha. Lakini kilichonishtua zaidi kilikuwa upande wa pili: usukani umejitenga na ukingo wa kushoto, nafasi tupu, na hapakuwa na kamera wala nochi pale. Ukiona hivyo ujue paneli bado inatumia vipimo vya zamani. Kama vipimo vyenyewe vingekuwa vibovu, pengo lisingekaa hasa mahali tundu lilipokuwa kabla ya kugeuza.

Toleo letu la majaribio lilikuwa linaandika namba kwenye kioo, hivyo nikafungua gemu upya kwa kila upande nikalinganisha. Mara ya kwanza mstatili ulianzia x 64, upana 1536. Simu ikipinduliwa, ulianzia x 0, upana 1536 vilevile. Android ile ilitenga upande wenye tundu peke yake. Msimbo wetu ulisoma eneo salama mara moja tu, gemu inapofunguka. Kwenye iPhone X kasoro hiyo isingeonekana hata ungeigeuza mpaka kesho, kwa sababu pande zote mbili zinatengewa sawa.

Programa akarekebisha jioni ileile, nami nikamrudishia. Alikuwa ameweka sharti kwamba paneli ipangwe upya pale upana au urefu unapobadilika. Hapo hakuna kinachobadilika! Kioo ni 1600 kwa 720 kabla na baada, upana wa eneo salama ni 1536 kabla na baada. Kilichohama ni mwanzo wake tu. Inabidi ulinganishe mstatili mzima:

```
void Update() {
    if (Screen.safeArea != mwisho) {
        mwisho = Screen.safeArea;
        PangaPaneli();
    }
}
```

Alinung'unika kwamba kuuliza hivyo kwa kila fremu ni kupoteza nguvu za simu. Ni ulinganisho wa namba nne. Gemu ile ilikuwa inachora abiria hamsini kwenye kila kituo.

Ili nisirudi Kariakoo kwa kila toleo, nikageuza Android ya ofisini, isiyo na tundu lolote, ijifanye ya fundi, kwa amri mbili za adb, chombo cha kuiamuru Android kutoka kwenye kompyuta:

```
adb shell wm size 720x1600
adb shell cmd overlay enable com.android.internal.display.cutout.emulation.corner
```

Amri ya kwanza hubadili vipimo vya kioo, ya pili huchora pengo kwenye kona, na Unity hupokea eneo salama kana kwamba pengo ni la kweli. Kwenye toleo jipya nikaigeuza katikati ya safari, daladala ikiwa mwendoni, na kitufe cha kusimamisha kikasogea ndani kabla sijakigusa. Baada ya hapo nikarudisha simu katika hali yake kwa `adb shell wm size reset` na `adb shell cmd overlay disable com.android.internal.display.cutout.emulation.corner`, maana bosi ndiyo aliyokuwa akipigia wateja.