Chupa ya binti yangu ilivyovuka Likoni

Binti yangu alitimiza miaka miwili na bado halali bila chupa. Mchana alikuwa ameshazoea kikombe, lakini usiku sharti anyonye maziwa mpaka usingizi umchukue, na akizinduka usiku wa manane anaipapasa kitandani. Kilichonifanya niamue ni meno. Nilimwinua mdomo wa juu nikaona mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi. Hiyo ni dalili ya mwanzo ya meno kuoza kwa sababu ya chupa: mtoto akisinzia mate hupungua, maziwa yanabaki yameyazunguka meno ya mbele ya juu, na sukari iliyomo inawalisha vijidudu. Mstari ukishakuwa wa kahawia au ukafanya shimo, ni kazi ya daktari wa meno.

Nilianza kwa kutenganisha njaa na faraja. Maziwa ya usiku niliyahamishia kwenye kikombe, akinywa baada ya chakula, kisha mswaki na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Chupa ya kitandani nikaanza kuizimua kwa maji: robo maji, baadaye nusu kwa nusu, mpaka ikawa maji matupu. Ilipofika nusu alilalamika, basi nikabaki hapo hapo siku kadhaa bila kusogea mbele. Mwishowe akawa anakumbatia chupa ya maji na kunyonya taratibu macho yakimlegea. Hapo nikajua haitaki kwa njaa wala kwa kiu, anaitaka imtulize tu, na cha kumtuliza hakiondolewi bila kingine kushika nafasi yake.

Nikaenda Mtaa wa Biashara hapa Mombasa nikanunua doti ya leso yenye pindo jekundu. Fundi akanitolea leso ndogo mbili zinazofanana na kuzipinda vizuri. Nilitaka mbili makusudi, maana moja ikifuliwa nyingine iwepo kitandani. Nikazificha.

Kwa wiki hivi nilimsimulia hadithi ile ile kila usiku, kwa maneno yale yale, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hufuata kinachorudiwa. "Paukwa!" Naye: "Pakawa!" Palikuwa na mbuzi mdogo kwa nyanya. Mamake hana maziwa. Mbuzi analia, mee. Kikombe hawezi kushika. Akaja msichana akampa chupa yake. Mbuzi akanywa, akashiba. Nyanya akampa msichana leso. Sikumwambia kamwe kuwa chupa ni ya watoto wadogo au kwamba ni aibu. Kumwaibisha humfanya aing'ang'anie zaidi.

Mbuzi mwenyewe alikuwepo kweli. Mama mkwe wangu anafuga Mtongwe, na mbuzi wake mmoja alizaa mapacha, maziwa yakawa hayatoshi. Tulivuka feri Likoni binti yangu ameishika chupa mkononi. Tulipofika nyanyake akamuuliza, "Mjukuu wangu, huyu analia njaa, wampa nini?" Alisita, akanitazama, akaiangalia chupa. Hatukumharakisha. Kisha akainyoosha mwenyewe. Nyanyake alitanua tundu la chuchu kidogo, akatia maziwa, na yule mwana wa mbuzi akavuta kwa nguvu huku akitikisa mkia. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Hapo hapo nyanyake akamtandikia begani moja ya zile leso nilizozificha.

Usiku ule alilala haraka kwa uchovu wa safari. Kazi ilikuwa usiku uliofuata, na ndiyo maana nasema usiku wa kwanza usikudanganye. Alilia, "Chupa! Chupa yangu!" Nilikaa kando yake nikamwambia, "Waitaka chupa yako, mamangu. Iko kwa mbuzi, anakunywa." Nikampa leso, nikampa maji kwenye kikombe, maana joto la Mombasa lina kiu yake, nikarudia hadithi. Nyumbani hapakuwa na chupa nyingine hata moja. Nilikuwa nimeshazitoa zote, kwa sababu ukimrudishia baada ya kilio kirefu umemfundisha kwamba kilio kirefu ndicho kinacholeta chupa. Usingizi wa mchana ulivurugika kwa muda, kwa hiyo nilimlaza mapema jioni. Kilio kilipungua usiku hadi usiku, akawa anashika pindo la leso na kulisugua kwa kidole mpaka alale.

Kama mtoto anaumwa, mnahama nyumba, au mdogo wake amezaliwa juzi, subirini kwanza. Na kama hamna mbuzi, tafuteni mahali pengine pa kweli ambapo chupa inaweza kwenda akaiona kwa macho yake.

Asubuhi sasa anaamka na njaa. Zamani maziwa ya usiku kucha yalikuwa yakimshibisha, mahamri akawa anayachezea tu. Siku hizi anamaliza hamri zima na mbaazi zake, na maziwa anakunywa kwa kikombe mezani.