Nilivyobadili maneno ya juu kwenye tovuti yetu ya dagaa wa Kigoma

Tovuti ya kwanza niliyomtengenezea mama mdogo ilinipendeza mno. Ukiifungua unakutana na jua linazama Ziwa Tanganyika, mitumbwi imejipanga ufukweni, na juu ya picha kuna maandishi meupe: "Karibu Kwetu. Ubora Ndio Kipaumbele Chetu." Picha zilikuwa tatu, zinapokezana kila baada ya sekunde nne. Mama mdogo anauza dagaa mwaloni Kibirizi tangu sijaanza shule, na nia yangu ilikuwa wateja wa Dar na Dodoma wamfikie bila dalali katikati. Miezi miwili ikapita. Meseji zilizoingia zilihesabika kwa vidole, na kadhaa kati yake zilikuwa za watu wanaouliza bei ya chumba.

Chumba! Nilicheka kwanza, kisha nikaanza kujiuliza wanaona nini ambacho mimi sikioni.

Jioni moja nikaenda na simu yangu hadi kijiwe cha bodaboda pale Mwanga. Nikamwonyesha kijana mmoja ukurasa, nikahesabu kimoyomoyo hadi tano, nikaificha simu. "Kaka, hapa wanauza nini?" Akajibu bila kusita: "Si hoteli hiyo? Ya watalii." Wa pili akasema tiketi za boti za kwenda Gombe. Wa tatu alikumbuka jua tu. Kati ya watu saba hakuna aliyetaja dagaa, na hao ni watu wa Kigoma, wanaowala kila wiki.

Jambo moja nililojifunza pale kijiweni ni namna ya kuuliza. Ukisema "umeipenda?", kila mtu atakwambia imependeza, maana hakuna anayetaka kukuvunja moyo. Uliza wanauza nini, wanamuuzia nani, na wewe ungebonyeza wapi. Tena usimuulize ndugu yako. Dada yangu alijibu "dagaa" papo hapo, lakini ni kwa sababu anatujua.

Baada ya hapo nikakaa chini na simu ya biashara ya mama mdogo. Nikafungua mazungumzo ya wateja wa zamani, wale waliompata kwa kuelekezana, nikaandika kwenye daftari swali la kwanza la kila mmoja. Si mazungumzo yote, swali la kwanza tu, kwa sababu hilo ndilo mtu analokuja nalo kabla hajakuzoea. Nilipofika mazungumzo ya arobaini nikaacha, maana maswali yalikuwa yanajirudia: "Ni wa Kigoma kweli au wa Mwanza?" "Wana mchanga?" "Unatuma huku kwetu?" "Kuanzia kilo ngapi?" Na "bei gani", ambalo liko kila mahali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ubora ni kipaumbele chetu.

Hapo nikaona kosa langu wazi. Yale maneno ya mwanzo ungeweza kuyabandika kwenye duka la saruji, zahanati au saluni, yangekaa vilevile. Sasa kila nikiandika sentensi ya kuweka juu najaribu kuibandika kwenye biashara nyingine. Ikikubali, naifuta.

Jaribio la kwanza likawa: "Dagaa bora wa Kigoma." Neno "bora" nikalitoa, kila muuzaji analo. Nikaandika: "Dagaa wa Kigoma wasio na mchanga." Hapo mama mdogo akanijia juu.

"Mwanangu, mbona unataja mchanga? Mtu hajauwaza, wewe unamkumbusha."

"Mama mdogo, wameuwaza tayari," nikamwonyesha daftari. "Tazama ni wangapi wameuliza."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno lililokuwa zito kuliko ubishi wetu: "Basi wale wa kujazia gunia tusinunue tena." Alikuwa na maana mzigo ukipungua huwa anaongezea dagaa wa watu wengine, na baadhi yao wameanikwa chini. Wake huwaanika juu ya vichanja, ndiyo maana hawana mchanga. Nilikuwa sijafikiria kabisa kwamba sentensi ya maneno machache ingetulazimisha kubadili tunavyonunua. Ila ndivyo ilivyo: ukiandika juu kabisa jambo ambalo mteja anaweza kulipima kwa kuosha dagaa kwenye beseni, ni lazima liwe kweli kwenye kila gunia.

Sentensi hiyo nikamtumia rafiki yangu wa Morogoro kwa jaribio la sekunde tano. Akajibu: "Dagaa. Ila wabichi au wakavu?" Sisi huku hatuulizi, mtu wa mbali anauliza. Nikaongeza neno moja. Chini yake nikaweka majibu ya maswali mawili yaliyobaki, kiasi na usafiri, kisha kitufe.

Kitufe cha zamani kilisema "Wasiliana Nasi", na kilikupeleka kwenye fomu ya kujaza jina, barua pepe na ujumbe. Sijui nilimtengenezea nani fomu ile. Bei nayo nilitaka niiandike pale pale juu, mama mdogo akakataa, na safari hii alikuwa sahihi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanabaki nchi kavu, mzigo unapungua na bei inapanda. Bei niliyoandika leo ingekuwa uongo kabla ya mwezi kuisha. Kwa hiyo kitufe kikawa "Uliza bei ya leo", na ukikibonyeza WhatsApp inafunguka na ujumbe ukiwa umeshaandikwa, mteja anatuma tu. Hii ndiyo sehemu ya juu ilivyokuwa baada ya hapo:

```html
<title>Dagaa wakavu wa Kigoma, wasio na mchanga</title>

<h1>Dagaa wakavu wa Kigoma, wasio na mchanga</h1>
<p>Kuanzia kilo 5. Tunatuma kwa basi hadi mkoani kwako.</p>
<a href="https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20bei%20ya%20leo">
  Uliza bei ya leo</a>
```

Mahali pa X weka namba yako, ukianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mimi niliweka 07 kama tunavyozoea, na kwa siku tatu kila aliyebonyeza aliambiwa namba haipo. Niligundua kwa sababu nilikibonyeza mwenyewe kwa simu ya jirani.

Maneno yakawa tayari, lakini yalikuwa bado hayaonekani. Nilikuwa naitazama tovuti kwenye kompyuta, wateja wetu wako kwenye simu. Simu ya mama mdogo ina upana wa pikseli 360 na urefu wa 640 kwa hesabu ya kivinjari, na ukitoa pale juu penye saa na anwani, zinabaki kama 560. Kwenye muundo wa zamani nembo ilichukua 120, picha ikachukua 400. Hiyo ni 520. Yaani mtu akifungua, skrini yake yote ni nembo na jua linalozama, na chochote cha maana kiko chini ya kidole chake.

Nikapanga upya kwa hesabu. Mstari wa nembo 56. Kichwa, kwa herufi za pikseli 28, kinashika mistari mitatu ya 34, jumla 102. Maelezo mistari mitatu ya 24, ni 72. Kitufe 48, kimo kinachotosha kidole gumba. Nafasi za katikati, tano za 16, ni 80. Ukijumlisha unapata 358, na zinabaki pikseli 200 hivi kwa picha. Kwa hiyo picha ikashuka chini ya kitufe, na sehemu yake kubwa bado inaonekana bila kusogeza. Hesabu hii ina mpaka wake: wazee wengi huongeza ukubwa wa herufi kwenye simu zao, na hapo kichwa kinafika mistari minne au mitano. Nilijaribu kwa simu ya babu, picha ikasukumwa nje lakini kitufe kikabaki. Hicho kilinitosha.

Picha yenyewe nikaibadilisha. Jua likatoka, wakaingia dagaa kwenye sahani nyeupe, waliopigwa kwa karibu, maana kwenye sahani nyeupe mchanga hauna pa kujificha. Ile ya zamani ilikuwa na megabaiti tatu na ushee. Hii nimeipunguza upana na kuihifadhi kwa aina nyepesi ya faili la picha iitwayo WebP, ikashuka chini ya kilobaiti 100. Zile slaidi nimezifuta zote. Mtu hakai kusubiri ya pili, na maneno yangu mengine yalikuwa yamechorwa ndani ya picha hizo, kwa hiyo intaneti ikiwa nzito hayakuonekana kabisa, na Google haikuwa na andishi la kusoma. Sasa kichwa ni maandishi ya kawaida. Kinatokea hata kabla picha haijafika.

Nilirudi kijiweni na simu ileile. Safari hii walisema "dagaa", na mmoja akaongeza kwa kejeli, "hawana mchanga, tutaona."

Nilidhani nimemaliza. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ukasimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mimi nikaiacha tovuti kama ilivyo. Meseji za "naomba bei ya leo" ziliendelea kuingia, mama mdogo akawa anajibu kila mtu kwamba ziwa limefungwa. Mteja mmoja alimwambia tunawapotezea watu muda, na hakukosea. Nikaweka mstari mmoja juu ya kichwa, wenye rangi ya njano: "Ziwa limefungwa hadi 15 Agosti. Mzigo mpya baada ya hapo." Kitufe nikakibadili kiseme "Nijulishe mzigo ukifika", na ujumbe ulioandikwa ndani yake nao nikaubadili, jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Majina yaliyokusanyika ndiyo tuliyoanza nayo ziwa lilipofunguliwa. Mstari ule sikuufuta, huwa nauficha na kuurudisha, hata mbalamwezi ikiwa kali.

Juzi mama mdogo amenipigia simu. Ameanza kuuza na mawese, anataka tuandike juu "Dagaa, mawese, migebuka na asali". Nikamwambia migebuka na asali hana. "Nitakuwa nayo," akasema. Mawese nimeyaweka chini, baada ya picha ya sahani, na kitufe chake peke yake.