Chupa ya mafuta iliyogeuka jua Kibaigwa

Mama mmoja wa Kibaigwa, mwenye mashine ndogo ya kukamua alizeti, aliniita mwezi wa pili akaniambia: "Mwanangu, nataka tangazo ambalo mtu akiliona atasimama. Lakini asisimame akashangaa tu, anunue." Nikamwambia hilo dogo. Ndiyo kauli iliyonitesa wiki tatu.

Rafiki yangu mmoja wa pale Area D, Dodoma, ambaye ametengeneza matangazo mengi kuliko mimi na hakosi kukukumbusha, akanipa ushauri: tumia picha ya ndoto, yenye mambo yasiyowezekana; haina sheria, jaza. Nikajaza. Chupa ilikuwa na mabawa, ikiruka juu ya mbuyu, na chini yake mawingu, moshi, samaki wawili wa kukaanga na matone ya dhahabu. Nililipenda. Mama akaliangalia muda mrefu, akaniuliza kwa upole, "Hili ni la mafuta ya kupikia au la mganga?"

Nilirudi Dodoma kwenye basi nikiwa nimenuna, lakini njiani nikajiuliza swali moja: kwa nini chupa hii inaelea? Sikuwa na jibu. Ilielea kwa sababu kuelea kunapendeza. Jibu lilikuja nilipokumbuka mashamba yenyewe. Alizeti hulitazama jua. Kama chupa ndiyo jua, basi ina haki ya kuwa angani, na shamba zima lina sababu ya kuigeukia. Jambo moja tu la ajabu, mengine yote yabaki kama yalivyo. Mbuyu, samaki na moshi vikafutwa siku hiyo hiyo.

Nilimwambia Mama nitapiga picha jioni, jua likizama, alizeti zikitazama magharibi. Akacheka hadi akashika ukuta. Alizeti changa ndiyo hulifuata jua toka mashariki hadi magharibi, akasema, lakini ikishafungua ua na kukomaa, shingo hukaza na inabaki inatazama mashariki. Mtoto wa mjini nilikuwa sijui. Kwa hiyo ni asubuhi.

Tukaamka, saa moja na robo tuko shambani, na hapo ndipo nilipogundua mtego. Ukisimama nyuma ya maua ili uone wanachokitazama, unaona visogo tu. Ukisimama mbele uone sura zao, wanakutazama wewe, na chupa haina pa kukaa. Nilizunguka shamba kama mwizi wa mahindi. Mwisho nikasimama upande wa kusini, kamera ikatazama kaskazini. Maua yote yakawa ubavu, yametazama kulia kama abiria wa daladala wanaomsikiliza konda. Jua la kweli lilikuwa nje ya picha, kulia vilevile. Kwa hiyo nikiweka chupa kulia, mwanga uliopo kwenye majani na vivuli vinavyoanguka kushoto vinakubaliana nayo bila mimi kuchora chochote.

Sasa chupa. Nilijua kila kitu, kwa hiyo nikaitundika sebuleni kwa mshipi wa kuvulia. Nikapiga picha ya kwanza, chupa ikaanza kuzunguka taratibu, lebo ikanipa kisogo. Nikaishika, nikaiachia, ikazunguka upande wa pili. Nikafunga mshipi wa pili. Fundo likateleza, lita moja ya mafuta ikamwagika kwenye zulia la mke wangu, na kwa siku mbili nilikula nilichopika mwenyewe.

Chupa haihitaji kutundikwa. Niliisimamisha juu ya kopo jembamba kuliko kitako chake, nikashusha kamera chini kidogo ya kitako. Hili la kushusha ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: kitu kilicho juu ya mstari wa upeo wa macho lazima kionekane kama unakitazama kutoka chini. Ukikipiga kutoka juu, kizibo kikaonekana uso wake wa juu, jicho linajua kuna uongo hata kama mtazamaji hawezi kuutaja.

Ili mafuta yawake, nikakata karatasi nyeupe umbo la chupa, ndogo kidogo, nikaibandika nyuma yake na kuimulika kwa tochi. Mafuta yakawaka kama taa, lebo ikawa nyeusi tii. Kuongeza mwanga wa picha nzima kuliyageuza mafuta kuwa maji. Basi nikapiga mara mbili bila kusogeza kamera hata nywele: moja kwa ajili ya mafuta, nyingine tochi ikiwa imezimwa, lebo imemulikwa na dirisha lililofunikwa shuka jeupe. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikazilaza picha hizo leya moja juu ya nyingine nikaacha picha ya pili ionekane pale tu ilipo lebo. Hapo jina lilisomeka.

Yule rafiki akaja kuangalia. "Kitu kinachoelea bila kivuli kinaonekana kimebandikwa," akasema. Ni kweli kwa kiatu, ni kweli kwa sabuni. Nikakiweka kivuli chini ya chupa, na jua langu likafa papo hapo, likawa chupa tu juu ya shamba. Taa haitoi kivuli chake yenyewe! Nikakifuta, badala yake nikapaka rangi ya njano hafifu kwenye kingo za petali zinazoielekea. Kilichokuwa kimekosewa ni kimo: nilikuwa nimeipandisha chupa juu kabisa, ilhali vivuli vya maua ni virefu, vya jua la asubuhi. Nilipoishusha karibu na vichwa vya maua, ikatulia.

Jaribio nilifanyia soko la Majengo. Namwonyesha mtu picha kwenye simu, nahesabu tatu, naficha, namuuliza ni tangazo la nini. Bodaboda wa kwanza: "Asali." Wa pili: "Asali." Mama lishe akasema juisi. Nilikuwa nimeyakoleza mafuta yawe ya machweo, na rangi hiyo kwa mtu wa huku ni asali ya Singida. Nikayarudisha kwenye njano yake ya kweli, nyepesi, wakaanza kusema mafuta.

Bado hakuna aliyesoma maneno. Nilikuwa nimeyaweka kushoto kwenye anga tupu, nyuma ya visogo vya maua, ambako hakuna anayetazama, kwa sababu maua yenyewe yanakusukuma kulia. Nikayahamishia chini ya chupa, juu ya ukanda wa udongo ulioko kwenye kivuli. Mama alitaka mistari sita ikiwemo salamu za Idi. Tukabaki na "Alizeti inajua", lita moja, namba ya simu. Namba nikaikuza hadi nikaona aibu, lakini kwenye simu ya mkononi ikawa sawasawa.

Gharama? Nauli za Kibaigwa, chapati, mafuta yaliyomwagika na bango lenyewe, haikufika laki mbili, ukiacha zulia. Zulia bado tunajadiliana.

Bango liko pale kwa Mama karibu na mashine. Mzee mmoja alilitazama, akageuka kuangalia mashariki, akarudi kununua lita mbili. Na yule rafiki yangu ameliweka kwenye status yake, ameandika: "Kijana wangu, nilimwelekeza mwenyewe."