Mradi wa nusu marathoni, kumbukumbu ya 14: Kano ya kisigino imekatika

Waliokuwa wakifuatilia kumbukumbu hizi wanajua nilikuwa wiki ya 9 kati ya 16 za mazoezi, na mbio zangu ndefu zilikuwa zimefika kilomita 14. Mpango ulikuwa kwenda kukimbia kilomita 21 Moshi. Leo sina kilomita za kuandika. Nimeandika kilichotokea na tulichokifanya saa za mwanzo, maana saa hizo ndizo zilizoamua mengi.

Jumamosi, jioni

Nilikwenda kucheza mpira na wenzangu wa timu ya maveterani, hapa Morogoro. Beki wao alitema mpira, nikajisukuma kwa mguu wa kushoto ili niuwahi. Nikasikia "pwa!" nyuma ya mguu, kama mtu amenipiga teke juu kidogo ya kisigino. Niligeuka kumtazama aliyenipiga. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Maumivu yalikuwa makali kwa muda mfupi, kisha yakapoa. Nikasimama, nikatembea kuelekea nje ya uwanja, nikajiambia si kitu. Lakini kila nilipofika mahali ambapo kisigino huinuka na vidole kuisukuma ardhi, mguu ulikosa nguvu kabisa. Nilikuwa nautupa mbele ukiwa bapa, kama ninayetembea juu ya godoro.

Mmoja akaja na mafuta ya kuchua. Mwingine akataka kuvuta vidole vyangu kuelekea gotini, kama tunavyofanya msuli unapobana. Mwenzetu ambaye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo akawazuia wote wawili: "Asiguswe! Kaka, lala kifudifudi juu ya benchi, nyayo zining'inie."

Alianza na mguu mzima. Alilibinya shavu la mguu wa kulia kwa kiganja, na wayo ukacheza, vidole vikaelekea chini. Shavu la mguu linaposhikana na kisigino kupitia kano nzima, kulibinya ni sawa na kuvuta kamba ambayo mwisho wake umefungwa kwenye mlango. Akabinya shavu la kushoto namna ileile. Wayo ukatulia tuli. Akarudia. Tuli. Kisha akapitisha kidole polepole juu ya kisigino, na kama sentimita 4 kwenda juu kikadidimia mahali palipotakiwa kuwa na kamba ngumu.

Nikamwambia mbona naweza kuusogeza wayo chini mwenyewe, akaniomba nifanye hivyo, nikafanya. Akanieleza kuwa hapo ndipo wengi hupotea. Ipo misuli mingine midogo inayopita nyuma na pembeni ya kifundo kwenda kwenye vidole na wayo, na hiyo inatosha kuusogeza mguu ukiwa hewani. Haitoshi kuinua uzito wa mwili. Lakini hakuniruhusu kujaribu kusimama kwa vidole vya mguu ule mmoja ili nithibitishe, kwa sababu kano iliyobakiza nyuzi chache ingeweza kumalizikia hapohapo.

Tulichofanya uwanjani ni hiki. Nilivuliwa kiatu, tukakata boksi la maji ya kunywa tukalikunja kama mfereji, tukalifunga kwa bandeji kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, vidole vikiwa vimeelekea chini. Mkao huo unazisogeza karibu ncha mbili za kano. Ukiufunga mguu kwa pembe mraba, kama wa mtu aliyesimama, unaziachanisha. Tukaweka barafu iliyofungwa kwenye taulo kwa dakika 15, mguu ukiwa juu ya begi. Sikukanyaga tena. Niliondoka kwa bajaji, mguu umenyooshwa kwenye kiti.

Jumamosi, usiku

Kituo cha kwanza tulichofika walinipiga eksirei, wakaona mifupa ni mizima, wakaniambia nimeteguka kifundo, nikakande kwa maji ya moto na nirudi baada ya wiki mbili. Mifupa ilikuwa mizima kweli. Ila kano haionekani vizuri kwenye eksirei. Picha ile inasaidia kujua kama kipande cha mfupa wa kisigino kimeng'oka. Hakuna aliyenilaza kifudifudi wala kubinya shavu la mguu.

Kama ningekubali, ningekanda na kuchua mahali panapovuja damu kwa ndani, na ningetembea wiki mbili huku ncha zikizidi kuachana. Kano iliyokaa zaidi ya wiki nne bila kutibiwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya zamani, na mara nyingi hapo upasuaji unakuwa mkubwa zaidi, hata wa kuazima kano kutoka sehemu nyingine. Nilimeza parasetamoli, nikalala na boksi langu.

Jumatatu

Daktari wa mifupa alirudia kubinya. Kisha akanikunjisha magoti yote mawili nikiwa kifudifudi: vidole vya wayo wa kulia vilibaki vimeelekea juu kidogo kwa kuvutwa na kano yake, vya kushoto vikalala kuelekea sakafuni, wayo umelegea. Altrasaundi ikaonyesha kano imekatika yote, na kwamba ncha zinakutana vidole vikielekezwa chini.

Aliniuliza kama niliwahi kuchomwa sindano ya steroidi karibu na kisigino, na kama nimemeza antibiotiki ya sipro karibuni. Nilimeza, wiki tatu nyuma, nimenunua mwenyewe dukani kwa ajili ya tumbo. Dawa za kundi la sipro zinajulikana kudhoofisha kano. Hakusema ndiyo iliyonikata, na mimi siwezi kusema. Lakini nimeiandika hapa kwa ajili ya mkimbiaji anayeinunua bila cheti.

Tulizungumza kuhusu kushona au kutoshona. Utafiti wa Norwe uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 500, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja miguu ya makundi yote ilifanya kazi karibu sawa. Kano ilikatika tena kwa watu 6 hivi kati ya 100 wasioshonwa, na chini ya 1 kati ya 100 walioshonwa. Walioshonwa nao waliumia mishipa ya fahamu mara nyingi zaidi, na kidonda cha upasuaji kinaweza kuoza. Kwa kuwa nilifika mapema na ncha zilikutana, nilichagua kutoshonwa. Nilifungwa hogo, vidole vikielekea chini, nikapewa magongo.

Alisisitiza jambo moja kabla sijatoka: shavu la mguu likivimba na kuuma upya, au pumzi ikikata ghafla, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu damu huweza kuganda kwenye mguu uliofungwa na kupanda hadi mapafuni.

Wiki ya 2 hadi ya 8 tangu kuumia

Hogo lilitolewa wiki ya pili, nikaingia kwenye buti gumu lenye kabari tatu chini ya kisigino, nikaruhusiwa kukanyaga kwa magongo. Kabari moja ilitolewa kila baada ya wiki mbili. Nililala na buti. Siku moja nililivua bafuni nikateleza kidogo, na tangu hapo naoga nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Wiki ya 10

Naketi kitini na kuinua visigino vyote viwili, mara 15, seti tatu kwa siku. Palipokuwa na shimo sasa pana kinundu kinene. Kwa futi kamba, shavu la kushoto limepungua sentimita 3. Bado nimekatazwa kuivuta kano, kwa sababu ikipona ikiwa ndefu, nguvu ya kujisukuma hairudi yote. Kukimbia taratibu kutajadiliwa mwezi wa sita tangu niumie, na mpira si kabla ya mwezi wa tisa. Moshi mwaka huu nimeifuta kwenye ratiba. Kumbukumbu ya 15 nitaandika siku nitakayoinua visigino nikiwa nimesimama.