Paneli 30 zilizogeuka 9

Mjomba wangu wa Malindi alitaka kujua paa lake la mabati litabeba paneli ngapi za sola. Kijana mmoja anayepiga picha za harusi akarusha droni hadi mita 30 na kupiga picha ya wima kabisa. Mimi nilikuwa nimelaza kamba ya mita 5 uani, iwe kipimo changu.

Kwenye kompyuta kamba ile ilikuwa pikseli 500, yaani pikseli 100 kwa kila mita. Upande mmoja wa paa nikauzungushia mstari mwekundu: 1,380 kwa 575. Hiyo ni mita 13.8 kwa 5.75, karibu mita 79 za mraba. Paneli ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 na upana wa 1.13. Nikagawanya, nikapata paneli 30, na mdomo wangu ukamfikia mjomba kabla ya akili.

Fundi alipanda na tepu. "Bwana, huku juu ni mita 12 tu!"

Kamba ilikuwa chini, paa lilikuwa juu. Kutoka droni hadi uani ni mita 30, lakini hadi paani ni kama 26 kwa wastani, na kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Vipimo vyote vya paa vilivimba mara 1.15, na eneo, kwa kuwa ni urefu mara upana, likavimba mara 1.33. Ningeilaza kamba juu ya bati lenyewe, yangekwisha. Nikasahihisha: 12 kwa 5. Hiyo 5 nayo picha imeifupisha kwa sababu ya mteremko; kwa nyuzi 15, bati lenyewe lina mita 5.2.

Tukaacha nusu mita kila ukingo, ikabaki 11 kwa 4.2. Hapo hesabu ya kugawanya ilinidanganya tena: ilisema paneli 17. Nikakata vipande vya karatasi kwa kipimo kilekile nikavipanga juu ya picha. Zikisimama, safu mbili hazienei, unapata 9 tu. Zikilala, safu tatu za nne nne: 12.

Droni ilirushwa saa nne asubuhi. Nikarudi saa kumi jioni, nikakuta kivuli cha mwarobaini wa jirani kimelala juu ya upande wa magharibi. Nikafuta paneli tatu za mwisho. Zikabaki 9, kilowati 4.95.

Pwani huku huhesabu takriban saa 5.5 za jua kamili kwa siku. Nikatoa robo kwa joto la paneli, vumbi na chumvi, nyaya na inveta: 4.95 × 5.5 × 0.75, kama yuniti 20 kwa siku. Huo ni wastani wa mwaka. Mwezi wa tano, mawingu ya masika yakitanda, nilimwambia asitegemee zaidi ya 15.

"Na zile thelathini?" mjomba akauliza.

"Zimebaki kwenye picha, mjomba."