Bwana Akulinde: Baraka kwa Mtoto Aliyezaliwa Ukimbizini

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili nimehangaika na neno moja tu: "akulinde". Kwa Kireno ni te guarde. Binamu yangu aliyeko Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, ameniomba niwe mama wa ubatizo wa binti yake, na pamoja na heshima hiyo akaniomba niandike kadi ya baraka ambayo familia itaihifadhi. Sisi ni Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, ningeweza kuandika Kimakonde. Lakini mkewe ni Mmakua, na nyumbani mwao lugha inayowakutanisha wote ni Kireno. Misa itakuwa ya Kireno, na mtoto atafundishwa kusoma kwa Kireno. Basi baraka yake nayo sharti iwe katika lugha atakayoielewa akiwa na miaka kumi, wala si lugha itakayomfanya aitafute tafsiri.

Shida yangu haikuwa lugha. Binamu yangu na mkewe walitoka wilaya ya Muidumbe, mkoa huo huo wa Cabo Delgado, karibu na misheni ya zamani ya Nangololo. Mwaka 2020 wenye silaha walivamia huko, nyumba zikachomwa, watu wakakimbilia porini na kisha Pemba. Mtoto huyu amezaliwa ukimbizini, katika nyumba ya kupanga. Sasa nimwandikieje kwamba Bwana amlinde, ilhali baba yake atasoma kadi hiyo na nyumba yake ni majivu? Baraka ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Hesabu 6: "BWANA akubarikie, na kukulinda, BWANA akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, BWANA akuinulie uso wake, na kukupa amani." Kila nilipofika kwenye "kukulinda" kalamu ilisimama.

Kilichonifungua ni jambo ambalo wengi wetu hatulijui kuhusu maneno hayo. Mwaka 1979, kwenye makaburi ya kale ya Ketef Hinnom nje kidogo ya Yerusalemu, wachimbaji walipata vipande viwili vidogo vya fedha vilivyokunjwa kama hirizi. Kile kikubwa, kikishakunjuliwa, kina urefu wa karibu sentimita kumi tu. Iliwachukua miaka kukikunjua bila kukivunja. Ndani yake yalikuwa yamekwaruzwa maneno ya baraka hii hii ya kuhani, "akubariki, akulinde". Wataalamu wanaviweka vipande hivyo kwenye miaka ya mwisho ya ufalme wa Yuda, karibu na wakati Wababeli walipouteketeza Yerusalemu. Ndiyo maandishi ya kale kuliko yote tuliyo nayo yenye maneno yanayopatikana katika Biblia.

Fikirini hilo, ndugu zangu. Watu waliovaa "Bwana akulinde" shingoni ni watu wa kizazi kilichoona, au kilichokuwa karibu kuona, mji wao ukiungua. Baraka hii haikuandikwa kwa ajili ya watu wasioguswa na kitu. Na soma aya inayofuata, ya 27, ambayo kwenye kadi huwa tunaiacha: makuhani wataliweka jina la Mungu juu ya wana wa Israeli, naye Mungu mwenyewe atawabariki. Ulinzi unaoombwa pale ni kuwa mali ya Mungu. Watu wakikimbia na kuacha kila kitu, jina hilo wanalo.

Ndivyo ilivyo kwenye ubatizo. Kabla ya maji, padre anamwekea mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso, kisha anawaalika wazazi na wasimamizi nao wafanye hivyo hivyo kwa kidole gumba. Kisha maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Isaya 43 inasema, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu", na mara moja inaendelea: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Inasema upitapo, haisemi utaepushwa. Nikaandika te guarde kwa mkono usiotetemeka.

Kadi yenyewe ni hii, kama alivyoisahihisha sista mmoja wa parokia yetu aliyetumikia miaka mingi Msumbiji:

Querida afilhada,
No dia do teu baptismo, Deus chamou-te pelo teu nome.
Que o Senhor te abençoe e te guarde,
faça resplandecer o seu rosto sobre ti
e te dê a paz.
Que Ele abençoe também os teus pais e a tua avó.
Com amor, a tua madrinha

Yaani: Mpendwa binti yangu wa ubatizo, siku ya ubatizo wako Mungu amekuita kwa jina lako. Bwana akubariki na kukulinda, akuangazie uso wake na kukupa amani. Awabariki pia wazazi wako na bibi yako. Kwa upendo, mama yako wa ubatizo.

Angekuwa mvulana, mwanzo ungekuwa Querido afilhado, na mimi ningebaki madrinha. Mwanamume ndiye huandika o teu padrinho. Sista alinionyesha pia mahali ambapo kadi nyingi zinaharibika, hasa zinapotoka kwa mchapaji asiyejua Kireno. Ile herufi ç ikichapwa kama c ya kawaida, neno la kubariki linasomeka "abenkoe", na Mreno au Mmsumbiji ataona mara moja kwamba limekosewa. Avó yenye alama hiyo ni bibi. Ukiweka avô umembariki babu, na katika familia hii babu alibaki Muidumbe kaburini. Kwenye simu unabonyeza herufi na kuishikilia, alama zinajitokeza juu yake. Neno baptismo nimeliacha na p kwa sababu ndivyo wengi wanavyoliandika Msumbiji hadi leo, ingawa Brazili wanaandika batismo na Ureno nao siku hizi. Na andika abençoe, ombi, siyo abençoa, taarifa. Ni kama tofauti yetu ya "akubariki" na "anakubariki".

Mstari wa wazazi nimeuweka kwa makusudi. Mwisho wa ibada ya ubatizo wa watoto wachanga, padre humbariki kwanza mama aliyembeba mtoto, kisha baba, kisha watu wote. Kadi isiyowataja wazazi inamsahau yule atakayeisoma miaka yote ambayo mtoto hajui kusoma.

Sasa niruhusuni niseme jambo lililonichoma nilipokuwa naandika neno la mwisho, madrinha.

Katika nchi za Kireno, hasa Ureno na Brazili, kuna desturi ambayo wazee bado wanaishika. Mtoto akikutana na mama yake wa ubatizo husema, "A bênção, madrinha", naomba baraka, mama. Naye hana ruhusa ya kupita bila kujibu: "Deus te abençoe." Sisi tuna shikamoo na marahaba, tunaielewa desturi ya namna hiyo bila kufundishwa. Lakini kwao baraka inaombwa kama haki. Na Ureno, Dominika ya Matawi mtoto humpelekea msimamizi wake maua, kisha Pasaka msimamizi humjibu kwa folar, mkate mtamu ambao mara nyingi huokwa na yai juu yake. Kila mwaka, hadi mtoto awe mtu mzima. Wazazi na msimamizi nao wanaitana comadre na compadre, kama ndugu wa damu.

Kwetu je? Nitasema kwa upendo lakini nitasema. Tunachagua wasimamizi kwa mfuko. Tunaangalia nani ana gari la kumbeba mtoto siku ya sherehe na nani atatoa bahasha nene. Msimamizi anakuja, anashika mshumaa uliowashwa kwenye mshumaa wa Pasaka, anapigwa picha, anakula pilau, anaondoka. Mtoto anafika Komunyo ya Kwanza hamjui kwa sura. Kanisa linaposema katika sheria zake kwamba msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe amepata Kipaimara na anaishi imani yake, halikutaja gari hata mara moja. Linamtaka amsaidie mtoto kuishi kama mbatizwa. Padre anawauliza wasimamizi mbele ya wote kama wako tayari kuwasaidia wazazi, nao wanajibu ndiyo. Ile "ndiyo" tumeigeuza kuwa sehemu ya itifaki.

Ukiandika "Bwana akulinde" kwenye kadi kisha ukapotea, umeomba kitu ambacho hutaki kushiriki. Wale waliokimbia Muidumbe walilindwaje? Nilimuuliza binamu yangu kwenye simu, akanijibu kwa Kimakonde bila kutafakari sana: kuna familia huko Metuge, jirani na Pemba, iliyowapa chumba, haikuwajua. Kuna mama aliyempa mkewe kanga na sabuni akiwa mjamzito. Bwana aliwalinda kwa mikono ya watu. Sasa mimi natia sahihi ya kuwa mkono mmojawapo, na naomba Mungu anipe nguvu ya kutokuwa jina tu chini ya kadi.

Kwa hiyo, wewe uliyesimamia ubatizo wa mtoto yeyote, mtafute kabla ya Dominika. Usimpigie kumuuliza darasani amekuwa wa ngapi. Mwambie unaomba baraka juu yake, na uiseme kwa sauti, kwa lugha yake, hata kama ni mistari mitatu hiyo hiyo ya Hesabu. Akiwa mbali, mwombe mzazi aweke simu kwenye kipaza sauti. Kama hujui tarehe ya ubatizo wake, iulize parokia. Imeandikwa kwenye kitabu cha wabatizwa pamoja na jina lako. Na ninyi wazazi mnaotafuta msimamizi mwezi huu, mtafuteni mtu anayesali, hata kama atakuja kwa miguu.

Kadi yangu inaondoka na ndugu anayevuka mpaka kwa daraja la Mtambaswala. Mimi nitafuata kabla ya ubatizo. Mniombee nifike salama, na mwaombee binamu yangu, mkewe, bibi na binti yetu, pamoja na familia zote za Cabo Delgado ambazo bado hazijarudi nyumbani.